Angalia Salio, Usiangalie Meseji

Nina duka la vifaa vya ujenzi na maji hapa Morogoro, na siku hizi wateja wanaobeba noti mfukoni ni wachache. Wengi wanalipa kwa simu, ambalo ni jambo jema, isipokuwa limeleta aina mpya ya mteja: anayelipa kwa meseji tu. Hela haikutumwa, ila meseji ipo, tena nzuri, ina jina, kiasi, tarehe na namba ya muamala.

Mwezi uliopita alikuja mmoja. Alitaka pampu ya maji ya nguvu ya farasi mmoja, shilingi 265,000. Mimi nilikuwa nimetoka kufuata bomba, dukani yupo kijana wangu. Mteja hakubishania bei sana, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu. Akaomba namba ya kutumia, akabonyeza simu yake, halafu akaigeuza kumwonyesha kijana: umetuma 265,000 kwenda kwa fulani, jina langu limeandikwa vizuri kabisa. Nje bodaboda imeshawashwa.

Kijana akanipigia. "Bosi, mteja wa pampu ameshalipa, nimeona meseji kwenye simu yake."

"Kwenye simu ya nani?"

"Yake."

"Mwambie asubiri."

Simu ya mteja haithibitishi chochote. Meseji ya zamani inaweza kubadilishwa maneno, picha ya skrini inatengenezwa kwa dakika mbili. Kuna na mchezo wa kienyeji kabisa: tapeli anahifadhi namba ya mwenzake kwenye simu yake kwa jina la M-PESA, mwenzake anamwandikia meseji yenye maneno yote ya muamala, nayo inatokea pale juu ikiwa na jina hilo. Ukigusa lile jina utaona chini yake namba ya kawaida ya mtu. Lakini nani atakupa simu yake uiguse?

Wakati naongea na kijana, simu yangu ikalia. Meseji imeingia, safari hii kwangu: nimepokea 265,000, na salio langu jipya ni 612,450. Hapa ndipo wengi wanapoachia mzigo, kwa kuwa wanaamini meseji ikishaingia kwenye simu yao basi imekwisha. Haijaisha. Hii yangu ilitoka namba ya kawaida, kwa hiyo ilijitenga na meseji za kampuni. Lakini zipo njia za kutuma meseji nyingi kwa mpigo ambazo mtumaji anaweza kujiwekea jina badala ya namba, na asiye mwaminifu akifanikiwa kuweka jina la huduma ya fedha, simu yako haina uwezo wa kutofautisha. Inapanga meseji kwa jina la mtumaji. Ya uongo itakaa chini ya zile za kweli, kwenye mfululizo uleule, kana kwamba ni ndugu zao.

Kilichomsaliti mteja wangu kabla hata sijapiga menyu ni hesabu. Nikipandisha juu kidogo, meseji ya mwisho ya kweli ilikuwa inasema salio langu ni 84,300. Ongeza 265,000 unapata 349,300. Anayepokea hela kwa namba ya kawaida hakatwi kitu kwenye kupokea, kwa hiyo zinapaswa kulingana hadi shilingi ya mwisho. Hiyo 612,450 ilitoka wapi? Tapeli anaweza kujua jina lako, maana linatokea kwa yeyote anayeanza kukutumia hela kabla hajathibitisha. Salio lako halijui. Lazima akisie, au aache kulitaja kabisa, na vyote viwili vinaonekana ukijizoesha kusoma mstari wa mwisho wa meseji badala ya ule wa kwanza.

Ila hesabu ni dalili tu. Ushahidi ni salio lenyewe, na salio haliko kwenye meseji. Liko kwenye mitambo ya kampuni, na meseji ni taarifa tu kuhusu hicho kilichoko huko. Napiga menyu mwenyewe, kwa mkono wangu: *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money. Naingia kwenye akaunti yangu, nachagua kuangalia salio, naweka namba ya siri. Sifuati menyu anayonisomea mteja wala sibonyezi kiungo alichonitumia. Nikiwa na miamala mingi kwa wakati mmoja naomba taarifa fupi ya miamala ya mwisho, nione kama hiyo 265,000 imo na imetoka kwa nani. Siku ile salio lilisoma 84,300, vilevile kama asubuhi.

Nikamwambia kijana aweke simu kwenye spika. "Kaka, hela haijaingia."

"Mtandao huo, bosi. Itaingia tu, mimi nimeshakatwa."

Hapa lazima niwe mkweli: kuchelewa kupo. Hasa hela ikitoka mtandao mmoja kwenda mwingine, au benki kwenda simu, mteja anaweza kukatwa kweli na wewe usipate kwa muda. Kwa hiyo simwiti mtu tapeli. Namwambia mzigo wako nauweka pembeni kwa jina lako, hautauzwa. Wewe wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako, wape namba ya muamala, hela ikiingia nakupigia mwenyewe. Mteja wa kweli atanung'unika, lakini atapiga, maana hela iliyokwama ni yake. Yule wa pampu alisema ana haraka, akapanda boda.

Na kama menyu yenyewe haifunguki? Hutokea, hasa mwisho wa mwezi. Basi namwomba mteja asitume, atoe kwa wakala, wapo wawili ng'ambo ya barabara, aniletee taslimu, na ada ya kutoa naipunguza kwenye bei. Kwa bidhaa ya laki mbili na nusu, hiyo ada ni bei ndogo sana ya kulala usingizi.

Kuna jambo la wasaidizi, na ndilo lililonisumbua zaidi. Kijana wako hawezi kuangalia salio bila namba ya siri, nawe hutaki kumpa. Nilichofanya ni kutenga laini ya mauzo peke yake, ninayotembea nayo. Kila jioni naihamishia hela benki, kwa hiyo asubuhi salio ni dogo na nalikumbuka kichwani. Kijana ana amri moja: neno la kuachia mzigo linatoka kwangu, kwa kupigiwa simu, hata mteja akiwa shemeji yangu. Nikiwa sipatikani, anauza taslimu tu. Tunapoteza mauzo kidogo kwa utaratibu huu. Nimekubali.

Meseji ya uongo ikikufikia, usiifute. Mamlaka ya Mawasiliano imetoa namba 15040 ya kuripoti meseji za utapeli; itume huko pamoja na namba iliyoileta, na kama mzigo umeshatoka, peleka simu hiyohiyo kituo cha polisi ikiwa na meseji yake ndani.