Tetekuwanga: Ripoti kwa Shule na Siku za Kukaa Nyumbani

Mama mmoja aliona vipele kwenye tumbo la mtoto wake wa Gredi ya 3 Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi alimwandikia mwalimu wa darasa: "Mtoto hatakuja, ni mgonjwa." Mwalimu alidhani ni malaria na hakufanya lolote. Ilipofika saa nne alipiga simu kuuliza, ndipo akaambiwa kuwa ni tetekuwanga.

Mzazi anaporipoti, ataje jina la mtoto, darasa, ugonjwa wenyewe na siku vipele vilipoanza. Ujumbe wa kutosha ungekuwa: "Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana tetekuwanga. Vipele vilianza Jumapili jioni. Ijumaa alikuwa darasani. Naomba kujua shule inataka akae nyumbani hadi lini, na kama mnahitaji karatasi ya kliniki."

Maneno kuhusu Ijumaa si ya bure. Tetekuwanga huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kuonekana, kwa hiyo wenzake huenda wameshaupata. Dalili zao hujitokeza kati ya siku 10 na 21. Zaidi ya hayo, shuleni hapo kulikuwa na mwalimu mjamzito ambaye hakuwahi kuugua tetekuwanga. Kwa mjamzito kama huyo ugonjwa unaweza kuwa mkali, na ni lazima aende kliniki mapema bila kungoja vipele. Saa chache zilizopotea asubuhi ile zilikuwa zake.

Kuhusu siku za kukaa nyumbani, wazazi wengi huanza kuhesabu siku mtoto alipokosa shule. Hesabu huanza siku vipele vilipotokea, na kwa kawaida huwa angalau siku 5. Lakini kinachoamua ni ngozi: kila lengelenge liwe limekauka na kufanya kigaga.

Kwa mtoto huyu, siku ya 5 iliangukia Ijumaa. Mama alimkagua akakuta malengelenge mawili yenye maji nyuma ya kichwa, ndani ya nywele, mahali ambapo wengi husahau kuangalia. Akambakiza nyumbani. Jumatatu yote yalikuwa yamekauka, akarudi darasani. Vigaga vyenyewe havikuwa vimeanguka, wala si lazima vianguke. Shule inayomrudisha mtoto kwa sababu ya alama kavu inamnyima masomo bure.

Ndugu yake wa Gredi ya 1, ambaye hakuwa na dalili, aliendelea na shule huku akiangaliwa kila asubuhi.

Vipele vikija pamoja na homa kali, kikohozi na macho mekundu, huenda ni surua. Hapo mzazi asikisie: ampeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa surua huripotiwa kwa maafisa wa afya ya umma, na mtoto hukaa nyumbani hadi siku 4 zipite baada ya upele kutokea.