Mada ya 9: Kuzuia Maji kwenye Kuta za Kuzuia Udongo na Vyumba vya Chini ya Ardhi

Swali la mfano

Mwenye kiwanja chenye mteremko katika kata ya Nyasho, Manispaa ya Musoma, amekata udongo ili apate uwanja wa tambarare. Anataka kujenga (i) ukuta wa kuzuia udongo upande wa juu wa uwanja, wenye kimo cha mita 2, na (ii) stoo iliyozama mita 2 ardhini chini ya nyumba yake. Eleza jinsi utakavyozuia maji katika kila kazi.

Watahiniwa wengi hujibu "nitapaka lami" na kuishia hapo. Jibu hilo linapoteza alama kwa sababu halijagusa hatari kubwa zaidi, ambayo ni msukumo wa maji.

9.1 Maji yanasukuma kwa nguvu kiasi gani?

Tumia kanuni unayoijua kutoka somo la Fizikia. Maji yakijaa nyuma ya ukuta hadi juu, shinikizo chini ya ukuta ni:

P = ρgh = 1000 × 10 × 2 = 20,000 N/m², yaani 20 kN/m²

Juu kabisa shinikizo ni sifuri, kwa hiyo wastani ni 10 kN/m². Kwa kila mita 1 ya urefu wa ukuta, msukumo wa maji ni 10 × 2 = 20 kN. Huo ni sawa na uzito wa tani 2.

Sasa linganisha na udongo. Udongo wa kichanga wenye uzito wa 18 kN kwa mita ya ujazo husukuma kwa pembeni takriban theluthi ya shinikizo la uzito wake. Chini ya ukuta tunapata 18 × 2 ÷ 3 = 12 kN/m², na msukumo wote ni 12 kN kwa kila mita ya ukuta.

Udongo huohuo ukijaa maji, maji huubeba kiasi, hivyo uzito wake unaofanya kazi hushuka hadi karibu 10 kN kwa mita ya ujazo. Msukumo wake unabaki kama 6.7 kN. Lakini sasa ongeza 20 kN za maji: jumla ni 26.7 kN. Ukuta uliopimwa kubeba 12 unasukumwa na zaidi ya mara mbili yake. Ndiyo maana kuta nyingi huanguka wakati wa masika, ilhali zilisimama salama kiangazi chote.

Kanuni ya kukumbuka: kwanza yaondoe maji, kisha uyazuie.

9.2 Ukuta wa uwanja na ukuta wa stoo havitibiwi sawa

Kwa ukuta wa uwanja, acha matundu ya kutolea maji. Weka vipande vya bomba la plastiki vya milimita 75 vinavyopita ndani ya ukuta, umbali wa mita 1.5 hadi 2 kati ya kimoja na kingine, milimita 150 hivi juu ya ardhi ya mbele. Viinamishe kidogo kuelekea nje. Maji yakitoka hapo baada ya mvua, ukuta unafanya kazi yake. Tundu lililo kavu huku udongo wa nyuma umelowa chepechepe limeziba.

Kwa ukuta wa stoo, matundu hayo ni kosa, kwa sababu yangemwaga maji ndani ya chumba. Hapa maji hukusanywa nje, chini ya ukuta, kwa bomba lenye vitundu la milimita 100. Lilazwe chini ya usawa wa sakafu ya stoo, kwa mwinamo wa 1 kwa 100, na mwisho wake utokee mahali pa chini zaidi kwenye mteremko. Bomba la mita 15 litashuka milimita 150 tu, kwa hiyo mteremko wa kawaida unatosha.

9.3 Hatua za kuvika ukuta wa stoo

1. Safisha uso wa nje wa ukuta na uzibe mashimo kwa saruji. Acha ukauke.
2. Jaza kona ambapo ukuta unakutana na msingi kwa saruji ya mchanga, uifanye kuwa ya mviringo. Utando ukikunjwa kwenye kona kali hupasuka, na uvujaji mwingi huanzia hapo.
3. Paka lami ya kwanza, kisha bandika utando wa lami. Karatasi moja ipande juu ya nyingine milimita 100. Utando ushuke hadi ukingo wa msingi, uungane na ule wa chini ya sakafu, na upande milimita 150 juu ya ardhi ya mwisho. Ukiwa na pengo hata mahali pamoja, maji yatalipata.
4. Linda utando kwa mbao laini au tofali za kusimamisha, ili mawe yasiutoboe.
5. Weka kokoto safi zenye unene wa milimita 300, kuanzia kwenye bomba kwenda juu. Zitenganishe na udongo kwa kitambaa cha kuchuja, la sivyo tope litajaza nafasi kati ya kokoto na bomba litaziba.

9.4 Kujaza kifusi

Usijaze kabla zege halijapata nguvu. Siku 28 ndiyo kawaida. Ukuta wa stoo pia hushikiliwa juu na sakafu ya nyumba, kwa hiyo sakafu hiyo imwagwe kwanza, au ukuta uwekewe mihimili ya muda upande wa ndani.

Jaza kwa tabaka za milimita 150 na ushindilie kila tabaka kwa mkono. Mashine nzito isisogee karibu ya mita 1 na ukuta. Udongo mweusi wa mbuga usitumike, kwani huvimba ukilowa na kusukuma ukuta. Tabaka la juu la milimita 300 liwe udongo wa mfinyanzi ulioinama kutoka ukutani, ili maji ya paa na ya mvua yapite juu badala ya kuingia kwenye kokoto.

9.5 Mpaka wa njia hii

Bomba humwaga maji tu ikiwa pana mahali pa chini zaidi pa kuyapeleka. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960, na maji ya ardhini karibu na ufukwe yalipanda nalo. Kiwanja cha ufukweni kikiwa na maji ya ardhini juu ya sakafu ya stoo, mteremko hausaidii. Hapo unahitaji shimo la kukusanyia maji lenye pampu, na ukuta na sakafu vipimwe kubeba msukumo wote wa maji. Mara nyingi jibu bora ni kutochimba stoo.

9.6 Kutambua chanzo cha unyevu

Ukuta wa stoo ukilowa, bandika nailoni ukutani na uizibe kingo zote kwa gundi ya karatasi kwa saa 24. Matone yakiwa kati ya nailoni na ukuta, maji yanapenya kutoka ardhini. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa, na tiba yake ni madirisha.

Jipime

1. Ukuta wa kuzuia udongo una kimo cha mita 3. Tafuta msukumo wa maji kwa kila mita ya urefu wake, maji yakijaa hadi juu. *(Jibu: 45 kN)*
2. Kimo kimeongezeka mara 1.5 kutoka mita 2, lakini msukumo umeongezeka mara 2.25. Eleza kwa nini.
3. Fundi ameweka utando wa lami imara bila kokoto wala bomba. Stoo ni kavu, lakini ukuta umeanza kupinda kuelekea ndani. Eleza kilichotokea.