Deni la simu linapanda bila maelezo

Swali: Nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Nilikopa 200,000 kwa aplikesheni, na mkataba ulisema nirudishe 212,000. Nimelipa 150,000, lakini naambiwa nadaiwa 98,000, na makato mapya yanakuja kila wiki. Nifanyeje?

Jibu: Kwa mkataba huo umebakiza 62,000, kwa hiyo kinachogombewa ni 36,000. Waandikie wakopeshaji, usiishie kupiga simu, ukiomba taarifa kamili ya mkopo: kiasi ulichopokea, riba, kila tozo na tarehe yake, kila malipo, na kifungu cha mkataba kinachoruhusu kila tozo. Ilinganishe na taarifa ya miamala ya simu yako. Angalia hasa kama malipo yako yalikatwa kwanza kulipia faini, maana hapo ndipo deni hukwama bila kupungua. Kama umechelewa na mkataba unataja faini, utadaiwa hiyo kwa kiwango kilichoandikwa tu.

Zile 62,000 lipa kwa wakati, ukiandika kwamba salio lingine unalipinga. Piga picha za skrini za aplikesheni leo, kabla hawajabadilisha kinachoonyeshwa.

Wasipokujibu, peleka barua na vielelezo Benki Kuu ya Tanzania, inayosimamia wakopeshaji hawa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kwanza hakikisha wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali.