Sikio la kushoto halikujibu

Swali: Mwanangu alizaliwa kwa upasuaji. Alipopimwa masikio kesho yake, mashine iliandika REFER kwa sikio la kushoto. Je, ni kiziwi?

Jibu: Mama, kipimo hicho hakiwezi kusema hivyo. Kinaonyesha tu kwamba sikio hilo halikutoa jibu la kutosha, hivyo lipimwe tena. Kwa mtoto wa siku moja, hasa wa upasuaji, mara nyingi ni majimaji ya uzazi yaliyobaki sikioni. Mrudishe baada ya wiki moja au mbili, akiwa ameshiba na kulala. Jibu likijirudia, omba kipimo cha mshipa wa kusikia kabla hajatimiza miezi 3. Tatizo likithibitika, matibabu yaanze kabla ya miezi 6. Tafadhali usitulie kwa sababu anashtuka mlango ukibamizwa: sikio la kulia peke yake linatosha kumshtua.