Makabati ya Jikoni: Plaiwudi Nne au Tano?

Mkazi anayetengenezewa makabati ya jikoni kwa kawaida hupewa na fundi orodha ya ununuzi: plaiwudi tano, gundi, skrubu, bawaba. Kinachokula pesa nyingi katika orodha hiyo ni plaiwudi, na mara nyingi idadi yake imekisiwa tu. Hapa tunachukua jiko moja dogo na kuonyesha jinsi makabati yale yale yanavyoweza kutoka katika plaiwudi nne au tano, kutegemea namna vipande vinavyopangwa.

Jiko letu lina makabati matatu ya chini na mawili ya ukutani. Kila kabati lina upana wa milimita 800 na milango miwili. Plaiwudi ni ile ya milimita 18, ya futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Migongo ya makabati hutoka katika plaiwudi nyembamba, kwa hivyo hatuihesabu hapa. Vipimo vyote vinavyofuata ni vya milimita.

Anza kwa kuandika kila kipande. Makabati ya chini yanahitaji mbavu 6 za 720 kwa 560, sakafu 3 za 764 kwa 560, rafu 3 za 764 kwa 540, vipande 6 vya kushikilia kaunta vya 764 kwa 80, na milango 6 ya 716 kwa 397. Ile 764 ni upana wa 800 ukiondoa unene wa mbavu mbili. Makabati ya ukutani yanahitaji mbavu 4 za 600 kwa 300, vipande 4 vya juu na chini vya 764 kwa 300, rafu 2 za 764 kwa 280, na milango 4 ya 596 kwa 397.

Sasa jumlisha eneo la vipande vyote. Linatoka mita za mraba 10 hivi. Plaiwudi moja ina mita za mraba 2.98, kwa hivyo ukigawanya unapata karibu 3.4. Maana yake ni kwamba hakuna fundi duniani atakayeitoa kazi hii katika plaiwudi tatu, na ukifaulu kuipanga katika nne, usiumize kichwa tena kutafuta mpango bora zaidi. Lakini hesabu ya eneo haikuhakikishii kwamba nne zitatosha. Hilo linaamuliwa na mchoro.

Njia inayotumiwa na wengi ni kukata kabati moja moja. Unachukua plaiwudi ya kwanza, unatoa mbavu mbili na sakafu, kando yake rafu na milango miwili, kisha vipande vya kaunta. Kabati la kwanza limetoka katika plaiwudi moja na fundi ameridhika. Anafanya vivyo hivyo kwa la pili na la tatu. Shida ni kwamba katika kila plaiwudi amebakiwa na vipande vya upana wa sentimita 14 au 23, ambavyo havifai kwa kabati la ukutani. Yale mawili ya ukutani peke yake yanazidi eneo la plaiwudi moja kwa kiasi kidogo tu, na kwa sababu ya hicho kidogo fundi anarudi dukani kununua ya tano.

Njia ya pili ni kusahau makabati na kupanga vipande kwa upana wake. Vyenye upana sawa hukaa pamoja katika ukanda mmoja mrefu, kutoka mwisho mmoja wa plaiwudi hadi mwingine. Plaiwudi ya kwanza hupasuliwa kanda mbili za 560, na kila ukanda hutoa mbavu tatu. Ya pili hutoa ukanda wa 560 kwa sakafu tatu na ukanda wa 540 kwa rafu tatu. Ukanda mwembamba unaobaki kando katika kila moja ya hizo mbili hutoa vipande vitatu vya kushikilia kaunta. Hii ndiyo sababu tulivipa upana wa 80: vingekuwa na 100, ukanda wa plaiwudi ya kwanza usingetosha, kwani unabaki na 94 tu.

Plaiwudi ya tatu hupasuliwa kanda mbili za 397, na humo milango yote sita ya chini hutoka. Kinachobaki ni ukanda mzima wa 420 kwa 2440, ambao ndio uokoaji wetu. Milango minne ya ukutani ikipangwa kwa mstari humo inachukua 2393, pamoja na njia za msumeno, na inatosha. Plaiwudi ya nne hupasuliwa kanda tatu za 300: mmoja kwa mbavu nne, mbili kwa vipande vya juu, vya chini na rafu. Kazi imekwisha kwa plaiwudi nne. Milango yote imesimama kufuata urefu wa plaiwudi, kwa hivyo mistari ya mbao itaelekea upande mmoja. Ukipaka rangi nzito hilo si kitu, lakini kwa vanishi mlango mmoja uliolala utaonekana kutoka mlangoni.

Njia ya msumeno ndiyo inayoharibu michoro mingi mizuri. Msumeno wa umeme hugeuza takriban milimita 3 kuwa vumbi kila unapopita. Chukua kabati la kina cha futi 2, yaani 610. Kwenye karatasi, futi 4 zinatoa kanda mbili kamili. Kwenye mbao, ukikata wa kwanza unabaki na 607, na ukanda wa pili umeshapungua. Ndiyo maana tulichagua kina cha 560. Ukiongeza mlango na kaunta kuchomoza kidogo, unafika 600 za kawaida, na bado kuna nafasi ya kusawazisha kingo zilizochakaa.

Kabla ya kukata chochote, pima plaiwudi yenyewe. Baadhi huwa fupi kuliko zinavyouzwa, na ikiwa yako ni 2400 kamili, mbavu nne za 600 haziwezi kutoka katika ukanda mmoja. Pima pia kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, plaiwudi haiko mraba, na kila kipande kitarithi upogo huo. Unene nao upimwe, kwani inayouzwa kama 18 mara nyingi ni 17 na kitu. Ikiwa ni 17, sakafu na rafu zitakuwa 766 badala ya 764.

Unapokata, pasua kanda ndefu kwanza, kisha ukate vipande. Kanda zote za upana mmoja zipasuliwe bila kusogeza kizuizi cha msumeno, maana ukikirudisha baadaye hakirudi pale pale, na mbavu zinazopishana hata kwa milimita mbili hufanya kabati liyumbe. Andika jina la kila kipande kwa penseli mara tu kinapotoka. Sakafu ya 764 kwa 560 na rafu ya 764 kwa 540 zikichanganyika, huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Katika plaiwudi ya nne umebaki ukanda wa 311 kwa 2440. Usiutupe. Upasue vipande viwili vya upana wa 100, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, viwe msingi wa kuinua makabati kutoka sakafuni. Kinachosalia kikatwe vifupi vya kuvishikanisha.