Hewa Inayopita Kasi ya Sauti Ikifika Kwenye Kona

Maji ya mtaroni yakifika mahali mtaro unapopanuka, hupunguza mwendo. Hewa inayokwenda polepole hufanya vivyo hivyo. Hewa iliyokwisha kuipita kasi ya sauti hufanya kinyume: ikipewa nafasi, huongeza mwendo na shinikizo lake hushuka. Ndiyo maana anayekokotoa kona iliyobinuka, yaani ukuta unaogeuka kuukimbia mkondo, hawezi kutegemea hisia zake za kila siku.

Njia ya kukokotoa kona hiyo ilitoka Göttingen, Ujerumani, kwa Ludwig Prandtl na mwanafunzi wake Theodor Meyer, aliyeieleza kwa ukamilifu katika tasnifu yake ya mwaka 1908. Ndege ya kwanza yenye rubani kuipita kasi ya sauti katika safari ya usawa iliruka mwaka 1947, kwa hiyo hesabu ilitangulia chombo kwa karibu miaka 40.

Kwenye kona hiyo hakuna wimbi la mshtuko. Mkondo hugeuka kidogo kidogo ndani ya eneo lenye umbo la upepeo, ambalo mistari yake yote huanzia kwenye ncha ya kona. Kwa kuwa kila mgeuko ni mdogo mno, entropi haiongezeki, na shinikizo tuamo, lile ambalo hewa ingekuwa nalo kama ingesimamishwa bila hasara, hubaki lilelile. Hesabu yote inaegemea hapo.

Tuchukue hewa ya kimo cha kilomita 18, karibu na pale Concorde ilipokuwa ikisafiri kwa takriban Mach 2. Shinikizo ni kama kilopaskali 7.5 na joto ni Kelvini 217. Ukuta unageuka nyuzi 10. Mimi huanza na fomula ya Prandtl na Meyer, ambayo kwa hewa ya kawaida huandikwa hivi:

```
ν = √6·atan(√((M²−1)/6)) − atan(√(M²−1))
```

Kwa M = 2, ν ni nyuzi 26.38. Hiyo ni pembe ambayo mkondo ungekuwa umekwisha kugeuka kama ungeanzia Mach 1. Kwa hiyo zile nyuzi 10 huongezwa juu yake, tunapata 36.38, kisha inatafutwa M inayotoa jibu hilo. Fomula haigeuziki kirahisi, hivyo watu hutumia jedwali au hujaribu namba hadi ikae. Hapa inakaa kwenye 2.385.

Shinikizo hufuata mara moja. Uwiano wa shinikizo tuamo na shinikizo halisi ni (1 + 0.2M²) kwa kipeo cha 3.5: unatoa 7.82 kabla ya kona na 14.28 baada yake. Gawanya ya kwanza kwa ya pili upate 0.548. Hewa iliyofika na kilopaskali 7.5 inaondoka na 4.1.

Namba ya Mach imepanda kwa asilimia 19, lakini mwendo wenyewe umetoka mita 591 kwa sekunde hadi 646, ongezeko la asilimia 9 tu. Sehemu iliyobaki imetokana na baridi: joto limeshuka hadi Kelvini 183, na katika hewa baridi sauti husafiri polepole zaidi. Anayesoma namba ya Mach kama kipimo cha mwendo hujidanganya hapo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchukua fomula ya wimbi la mshtuko na kuipa pembe hasi. Jibu hutoka, tena huonekana la maana. Dawa ni kukokotoa shinikizo tuamo pande zote mbili. Katika mfano wetu ni kilopaskali 58.7 kabla na baada. Likionekana limeongezeka, hesabu imeivunja kanuni ya pili ya thamodinamiki.

Upepeo wenyewe una mipaka inayopimika. Mstari wa kwanza uko nyuzi 30 kutoka mwelekeo wa awali wa ukuta, na wa mwisho uko nyuzi 14.8. Katika picha za handaki la upepo zinazoonyesha tofauti za msongamano, eneo hilo huonekana kama kivuli kinachobadilika taratibu, si mstari mkali kama wa mshtuko.

Handaki hilohilo ndipo hesabu hii safi huharibika. Hewa iliyoanza na Kelvini 300 kwenye tangi ina Kelvini 167 ikifika Mach 2, na baada ya kona ina 140. Isipokaushwa vizuri, mvuke wake huganda kuwa ukungu na kutoa joto, na vipima shinikizo vya ukutani husoma juu kuliko 0.548 ingawa pembe ya kona iko sahihi.