Mkataba upo, mkamataji hayupo

*Mtihani unauliza kwa nini mikataba ya haki za binadamu ni migumu kutekelezwa. Nitumie mfano gani? Mwanafunzi, Johannesburg*

Mfano ulio karibu ni wa Omar al-Bashir, aliyefika Johannesburg Juni 2015 akiwa rais wa Sudan, huku akisakwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa makosa ya Darfur. Afrika Kusini ilikuwa imeridhia Mkataba wa Roma, na Mahakama Kuu ya Pretoria ilikuwa imeamuru asiondoke. Aliondoka tarehe 15, kesi ikiendelea, kupitia kambi ya jeshi ya Waterkloof. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haina polisi wake. Hutegemea serikali, nayo ya Afrika Kusini ilishikilia kinga ya marais. Mwaka 2017 majaji wa Hague waliona Afrika Kusini imekosa, lakini hawakuifikisha mbele ya Baraza la Usalama. Jibu zuri hutenganisha kuridhia, amri ya mahakama na ukamataji wenyewe.